Shukrani inayojibu shaka ya jopo

Ukishasailiwa na jopo, tuma barua pepe ya shukrani kabla ya saa 24 kupita, na aya yake ya pili ijibu shaka moja tu iliyojitokeza mezani. Tuseme uliomba kusimamia ghala katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na msaili mmoja akasema kwamba umezoea nafaka, si vyumba vya baridi. Usijitetee, andika hivi: “Kuhusu vyumba vya baridi, katika ghala la mahindi nilipima unyevu kila asubuhi na kuzuia shehena iliyozidi asilimia 13.5, na utaratibu huohuo wa kupima, kurekodi na kuzuia nitautumia kwenye nyuzi hasi 18 za selsiasi.” Kama anwani za wasaili huna, mwombe katibu wa jopo awafikishie.