Kuhifadhi stetasi ya WhatsApp bila programu ya ziada

Kwenye Android, stetasi ya mtu ukishaifungua, picha au video hiyo tayari imeshushwa kwenye simu yako, imefichwa tu. Fungua programu ya mafaili, nenda kwenye mipangilio yake na uruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, kisha fuata njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/.Statuses
```

Nukta iliyo mwanzoni mwa jina ndiyo inayolificha folda. Chagua faili unalolitaka, linakili, ulibandike kwenye folda nyingine, kwa mfano Pictures. Usiliache humo humo, kwa sababu stetasi ikitimiza saa 24 WhatsApp hulifuta. Hizo programu za "kuhifadhi stetasi" zilizojaa matangazo hufanya kazi hii hii ya kunakili, basi.

Ukikuta folda ni tupu, huenda hujaitazama stetasi yenyewe. Video fungua na uiache ipakie yote kabla ya kwenda kuitafuta. Utakachopata ni picha au video peke yake: maelezo yaliyoandikwa chini yake hayamo ndani ya faili. Stetasi ya maandishi matupu haina picha ya kunakili, hivyo piga picha ya skrini. Mwenyewe hapelekewi taarifa, ingawa jina lako ataliona kwenye orodha ya waliotazama kama hujazima alama za kusomwa. Kwenye iPhone folda hii haifikiki, kwa hiyo utabaki na kurekodi skrini, au kumwomba mwenye stetasi akutumie.