SOMO: Kuthamini upya dola za benki na ankara ambazo hazijalipwa kila mwisho wa mwezi

Wakuu, swali hili nimelijibu faraghani mara nyingi mno, na kila mara naanza upya. Leo naliandika lote hapa, atakayeuliza nimwelekeze.

Mfano wetu ni kampuni ndogo inayotunza vitabu kwa shilingi, ina akaunti moja ya dola, mteja mmoja tunayemdai kwa dola na msambazaji mmoja anayetudai kwa dola. Viwango nilivyotumia ni vya mfano tu.

1. Sawazisha benki kwa dola kwanza. Dola za kwenye taarifa ya benki na dola za kwenye leja zikipishana, simama hapo hapo utafute sababu. Ukithamini juu ya tofauti hiyo, makato ya benki uliyosahau kuingiza yatajificha ndani ya hasara ya kubadilisha fedha, na hutayaona tena.

2. Chukua kiwango cha siku ya mwisho ya mwezi. Si wastani wa mwezi, wala si kile unachotarajia kubadilishia wiki ijayo. Mimi natumia kiwango cha kati cha benki kuu, na chanzo sikibadilishi mwezi hadi mwezi. Hifadhi nakala ya ukurasa wenye kiwango hicho.

3. Orodhesha vya kuthamini: salio la benki, ankara za wateja na ankara za wasambazaji ambazo hazijalipwa. Ankara iliyolipwa nusu, chukua dola zilizobaki tu. Bidhaa ghalani na mashine havimo hata kama vilinunuliwa kwa dola, vinabaki kwenye kiwango cha siku ya manunuzi.

4. Piga hesabu. Kwenye jedwali, B ni dola, C ni kiwango cha mwisho, D ni shilingi zilizomo kwenye leja sasa. Dola na shilingi za msambazaji ziandike kwa alama ya hasi, ili deni likikua isomeke hasara:

```
=ROUND(B2*C2,0)-D2
```

Kiwango cha mwisho kikiwa 2,500:

Benki ina dola 4,000, na leja inasema shilingi 9,920,000. Zilipaswa kuwa 10,000,000, kwa hiyo kuna faida ya 80,000.

Mteja ana ankara ya dola 1,000 iliyotolewa kwa kiwango cha 2,460, yaani 2,460,000. Sasa ni 2,500,000. Faida 40,000.

Msambazaji anatudai dola 600 zilizoingizwa kwa 2,470, yaani 1,482,000. Sasa ni 1,500,000. Deni limekua, hasara 18,000.

Jumla ni faida ya 102,000, na inaingia kwenye mapato na matumizi ya mwezi huo huo.

5. Ingiza kwenye jarida. Debiti benki 80,000, debiti wateja 40,000, krediti wasambazaji 18,000, krediti faida na hasara ya fedha za kigeni 102,000. Ingizo hili linagusa shilingi tu. Dola ni sifuri. Kuna programu ambazo ukiandika shilingi 80,000 kwenye akaunti ya dola, zenyewe zinaongeza dola 32. Ukishaingiza, angalia dola: zisipobaki 4,000 kamili, futa utumie sehemu ya programu iliyotengwa kwa kazi hii.

6. Tarehe 1, geuza ingizo la ankara. La benki liache.

Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii sikugeuza kitu. Niliona kugeuza ni kufuta kazi niliyoifanya jana yake. Kumbe mteja anapolipa, programu nyingi hazijui kabisa kwamba uliithamini ankara yake. Zinalinganisha kiwango cha siku ya malipo na kile cha siku ya ankara, basi.

Tazama. Mteja wetu analipa tarehe 9, kiwango kikiwa 2,520. Programu inaandika faida ya 60,000, kutoka 2,460 hadi 2,520. Lakini 40,000 kati ya hizo ulishaziingiza mwezi uliopita. Umetangaza faida ya 100,000 kwenye ankara iliyozaa 60,000. Ukigeuza tarehe 1, mwezi mpya unaanza na hasi 40,000, malipo yanaleta 60,000, inabaki 20,000. Mwezi uliopita 40,000, mwezi huu 20,000. Imekaa sawa.

Utajuaje kama umeshakosea? Toa orodha ya wateja yenye safu mbili, dola na shilingi. Mteja mwenye dola sifuri na shilingi 40,000 zinazoning'inia ndiye shahidi wako. Mimi nilikuta wateja kumi na mmoja wa namna hiyo wakati wa kufunga mwaka, na nilirudi nyuma ankara moja moja kwa siku tatu. Tafadhali angalia orodha hiyo kila mwezi.

Benki haigeuzwi kwa sababu haina ankara ya kufungwa. Salio linaendelea, na mwezi ujao unalinganisha na shilingi zilizopo baada ya marekebisho.

Karibuni kwa maswali.

---

Kalamu_Nyekundu: Mkuu, na benki nayo nageuza tarehe 1?

Mwandishi: Hatua ya 6, mstari wa kwanza.

Kalamu_Nyekundu: Nimeuliza tu. Mwingine kaniambia anageuza vyote na vitabu vyake viko sawa.

Mwandishi: Anaweza kuwa sahihi, mradi anageuza kila mwezi bila kuruka. Mwisho wa mwezi atafika pale pale. Ila katikati ya mwezi salio lake la benki kwa shilingi linarudi kwenye thamani ya zamani, na anayelitazama atapotoka. Baya ni kugeuza mwezi huu na kuacha ujao.

DaftariLaMama: Asante sana kwa somo, ndugu. Tumemlipa msambazaji dola 500 za awali, mzigo bado haujafika. Nazo nazithamini?

Mwandishi: Swali zuri, dada, nilipaswa kuliweka kwenye hatua ya 3. Jiulize utapokea nini. Ukipokea mzigo, malipo hayo yanabaki kwenye kiwango cha siku uliyolipa, na mzigo nao utaingia kwa kiwango hicho. Lakini oda ikivunjika na msambazaji akatakiwa kurudisha dola, kuanzia hapo ni deni la fedha, nalo linathaminiwa kila mwezi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inatofautisha hivyo hivyo.

DaftariLaMama: Na kama ankara ni ya dola 800, na 500 ndizo zile tulizotanguliza?

Mwandishi: Unathamini 300 zilizobaki tu. Hakikisha umeunganisha malipo na ankara kwenye programu kabla ya kuanza, la sivyo ankara itasomeka 800 nzima.

Hesabu_Usiku: Mimi programu yangu inafanya yote yenyewe, somo hili la nini?

Mwandishi: Fungua orodha ya wateja yenye safu mbili. Ukikosa dola sifuri zenye shilingi, hongera, huhitaji somo.

Hesabu_Usiku: Nimefungua. Wako wawili.

Mwandishi: Angalia kama kwenye mipangilio pameandikwa tarehe ya kugeuza. Mara nyingi huachwa wazi. Hao wawili utawasafisha kwa jarida la shilingi tu: debiti faida na hasara, krediti mteja. Kama ni wa mwaka ambao umeshafungwa, ongea na mkaguzi wako kabla hujagusa.

ChatiMpya: Faida iliyotimia na ambayo haijatimia, naziweka akaunti moja?

Mwandishi: Tenganisha akaunti mbili. Kodi inaweza kuzitazama tofauti, na ukishageuza tarehe 1 utaona kwa jicho kama ile ambayo haijatimia imebaki na ya benki peke yake. Kwenye mfano wetu, 102,000 kutoa 22,000 za ankara, inabaki 80,000. Ikisoma kingine, kuna ingizo halikugeuzwa.