Kuomba nafasi ya swala ya Ijumaa kazini pale ambapo kampuni haina utaratibu: hatua kwa hatua

Nimefanya kazi ya rasilimali watu Dar es Salaam kwa muda mrefu, na maombi haya nimeyapokea kwa sura nyingi. Yanayokataliwa mara nyingi yanafanana: "Naomba ruhusa ya kwenda kuswali kila Ijumaa." Bosi akisoma hivyo, anaona mchana mzima umeondoka. Kinachoombwa kwa kawaida ni kidogo sana, ila hakuna aliyekipima.

1. Pima muda, mlango hadi mlango

Kwa Ijumaa tatu au nne andika saa unayotoka kazini, khutba inapoanza, imamu anapotoa salamu, na unaporudi kwenye kituo chako. Dakika za kutawadha na za kutafuta viatu mlangoni uzihesabu pia. Kumbuka kwamba Dar adhuhuri inahama, kutoka kama saa 6:10 mwezi wa kumi na moja hadi kama saa 6:40 mwezi wa pili, na Mwanza inachelewa kwa dakika 25 hivi zaidi. Kwa hiyo muulize imamu kama saa ya khutba inabadilika ndani ya mwaka. Kama misikiti ya karibu ni miwili, chagua ule ambao khatibu wake hapitilizi muda.

2. Toa saa ambayo tayari ni yako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 23, inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko yasiyopungua dakika 60. Unachoomba ni kile kinachozidi hapo.

Chukua karani wa stoo kwenye ghala la Barabara ya Nyerere. Anaingia saa 2:00 asubuhi, anatoka saa 11:00 jioni, chakula ni saa 7:00 hadi 8:00. Anatakiwa atoke saa 6:25. Khutba inaanza saa 6:50, salamu ni saa 7:25, na saa 7:40 amerudi. Zinabaki dakika 20 za kula, jambo ambalo wengi hulisahau, kisha wanaonekana wanakula saa nane na robo wakati wenzao wako kazini. Jumla ni dakika 95. Ukitoa 60, ombi lake ni dakika 35: atoke mapema kuliko wenzake, arudi nao saa 8:00.

3. Fidia siku hiyohiyo

Usiahidi kufidia Jumatatu. Mahali ambapo watu tayari wanafanya saa tisa kwa siku, nyongeza hiyo inavuka kikomo cha kisheria na kuwa saa za ziada za kulipwa, na mhasibu atalikataa ombi. Wala usijitolee kukata chakula cha Alhamisi, kwa sababu zile dakika 60 zinalindwa. Karani wetu ataingia Ijumaa saa 1:25 na kuhesabu mzigo kabla ya malori kufika. Hilo msimamizi wake ataliona kwa macho.

4. Mpate wa kukushikia kabla ya kumwona bosi

Awe mtu anayeijua kazi yako na aliyekubali. Mara nyingi ni mwenzako Mkristo, nawe unamshikia zamu Jumapili au Pasaka. Ongea na msimamizi wako kwanza kwa mdomo, ndipo barua ipitie kwake:

> YAH: OMBI LA KUBADILISHA MAPUMZIKO YA MCHANA SIKU YA IJUMAA
>
> Naomba mapumziko yangu ya Ijumaa yawe saa 6:25 hadi saa 8:00 mchana, ili nihudhurie swala ya Ijumaa. Nyongeza ni dakika 35, nitakazofidia kwa kuingia saa 1:25 asubuhi siku hiyohiyo. Mwenzangu wa stoo amekubali kupokea mzigo nikiwa sipo. Naomba tujaribu kwa wiki nane, kisha tutathmini.

5. Jibu hoja zinazokuja

"Swali hapa ofisini, tutakupa chumba." Shukuru, kisha eleza kwamba swala ya Ijumaa ni ya jamaa, yaani ya kuswaliwa kwa pamoja, na ina khutba; peke yako chumbani utaswali adhuhuri ya kawaida. Aya ya 9 ya Sura al-Jumua inaamuru kuacha biashara, na ya 10 inaruhusu kutawanyika swala ikiisha. Kurudi kazini hakuna tatizo kidini, na mabosi wengi hawalijui hilo.

"Wote watataka." Sema wazi mko wangapi, na kama mko wengi idara moja, leteni ratiba moja ya kupokezana kazi.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria haitaji Ijumaa kwa jina, ila kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa dini, hata usio wa moja kwa moja. Kama idara nyingine inaruhusiwa kutoka kwa shughuli binafsi na wewe hapana, hiyo ni hoja ya kupeleka kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakati unasubiri, usitoke kimyakimya, maana utoro ukiandikwa kwenye faili, mjadala utahamia kwenye nidhamu yako.

Ukikubaliwa, omba jibu lililosainiwa na uhifadhi nakala. Wasimamizi huhamishwa, na anayekuja ataanza kwa kuuliza nani alikuruhusu.