Naloksoni ya puani: lengo ni apumue, si aamke

Naloksoni ni dawa ya kumwokoa mtu aliyezidisha dozi ya afyuni, kama unga wa heroini. Mwongozo huu unahusu kifaa chake cha kupuliza puani chenye miligramu 4, kile ambacho Marekani kimeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari tangu 2023. Boksi moja kwa kawaida lina vifaa viwili, na kila kifaa ni dozi moja tu. Kwa ndugu walioko Mombasa au Dar es Salaam, naloksoni mtakayoikuta mara nyingi ni ya sindano. Namna ya kuitoa ni tofauti, lakini yote yaliyoandikwa hapa kuhusu kupumua, kumlaza na kungoja ni yale yale.

Unga, fentanili, morfini, oksikodoni na methadoni ni ndugu, wote wa jamii ya afyuni. Dozi ikizidi, ubongo husahau kuamuru pumzi, na mtu hufa kwa kukosa hewa. Naloksoni huiondoa dawa hiyo kwenye sehemu za ubongo ilikoshikilia na kukaa mahali pake kwa muda. Kwa hiyo katika kila hatua jiulize swali moja: anapumua? Suala la kufumbua macho lije baadaye.

Hatua ya 1: Mwite, mguse, hesabu pumzi

Muite kwa sauti kubwa, mtikise mabega. Asipoitika, kunja ngumi umsugue kwa nguvu katikati ya mfupa wa kifua kwa sekunde kama 10. Hiyo inauma, na mtu aliyelala usingizi wa kawaida au aliyelewa kidogo atakunja uso au kuusukuma mkono wako.

Kisha tazama kifua na uhesabu pumzi kwa sekunde 30, halafu zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa chini ya 8 na haitiki, usisubiri uthibitisho mwingine. Jihadharini na kukoroma. Familia nyingi hupita mlangoni, zikasikia mtu anakoroma kwa sauti ya kugugumia kama maji yanayochemka, zikasema mwacheni apumzike. Mkoromo wa namna hiyo kwa mtu asiyeamshika ni ulimi unaoziba koo.

Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Kuhusu rangi, usitafute ubuluu usoni kwa mtu mweusi. Funua mdomo wa chini utazame fizi na upande wa ndani wa mdomo, kisha utazame kucha. Zikiwa za kijivu au rangi ya majivu, hewa imepungua.

Huna uhakika kama ni afyuni? Puliza. Kama tatizo ni lingine, naloksoni haitamsaidia, lakini pia haitamdhuru. Kumwagia maji baridi, kumzaba makofi na kumnywesha maziwa ni kupoteza dakika, na maziwa kwa mtu asiyeweza kumeza huishia mapafuni.

Hatua ya 2: Piga simu, uweke spika

Marekani na Kanada ni 911. Anza na anwani, hata kabla ya kueleza kilichotokea, maana laini ikikatika watajua pa kuja. Kama Kiingereza kinakupa shida, sema neno "Swahili" nao watatafuta mkalimani. Sema hapumui vizuri na haamki. Weka spika, iache simu sakafuni, mikono yako ibaki huru. Kama mko wawili, mmoja apige simu huku mwingine akiendelea na hatua ya 3.

Hatua ya 3: Mlaze chali na upulize

Mlaze chali kwenye sakafu ngumu, si kitandani. Tazama mdomoni, na kama kuna matapishi au chakula, mgeuze ubavu ukitoe kwanza. Kisha weka kiganja chini ya shingo na uache kichwa kirudi nyuma, kidevu kikielekea juu. Kwa mkao huu njia ya hewa inafunguka, na dawa inabaki ndani ya pua badala ya kuchuruzika nje.

Chana pakiti. Shika kifaa hivi: kidole gumba chini, kwenye kisukumio, na vidole viwili pande mbili za bomba jembamba. Usikijaribishe hewani. Hili ndilo kosa linalotokea zaidi, kwa sababu tumezoea kufyatua chupa ya manukato mara moja kabla ya kujipulizia. Kifaa hiki hakina cha akiba. Ukikifyatua hewani, dozi imekwisha.

Ingiza bomba kwenye tundu moja la pua mpaka vidole vyako viwili viguse pua yake. Hapo ndipo usukume kwa gumba, kwa nguvu, mara moja, hadi mwisho. Utasikia kitu kidogo sana. Ujazo wote ni mililita 0.1, matone mawili hivi, kwa hiyo ukosefu wa kishindo hausemi chochote. Mtu hahitaji kuvuta hewa ili dawa iingie. Inanyonywa na ngozi laini ya ndani ya pua. Tundu likiwa na damu au kamasi nzito, tumia la pili. Dozi hii hii hupewa mtoto pia, mathalani aliyemeza vidonge vya bibi.

Soma saa sasa. Iandike hata kwenye kiganja.

Hatua ya 4: Mpumulie wakati dawa inafanya kazi

Dawa huchukua dakika 2 hadi 3. Watu wengi hukaa wakimtazama tu katika muda huo, na kwa mtu asiyepumua dakika 3 ni nyingi mno. Kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako (au kwa kinga ya plastiki kama unayo), na upulize pumzi moja kila sekunde 5. Kifua kiinuke kidogo. Kisipoinuka, rudisha kichwa nyuma zaidi. Kama hana dalili yoyote ya uhai, mwambie wa kwenye simu, atakuongoza kubonyeza kifua.

Hatua ya 5: Dozi ya pili, kwa saa na si kwa hofu

Dakika 3 zikipita na pumzi bado ni chache, chukua kifaa kipya na upulize tundu la upande mwingine. Ukiwa na vifaa zaidi, unaweza kurudia kila dakika 2 hadi 3, ukibadilisha tundu, mpaka apumue vizuri au wahudumu wafike.

Hofu huwafanya watu wapulize vifaa vyote viwili ndani ya nusu dakika. Ubaya wake ni kwamba unamtumbukiza mtu kwenye arosto kali ghafla: anatapika, anatetemeka, anaamka akiwa na hasira, na jambo la kwanza analotaka ni dozi nyingine ya unga. Kwa upande mwingine, akipumua vizuri lakini hafumbui macho, usiongeze. Huenda amechanganya na pombe, vidonge vya usingizi, au zailazini, dawa ya kutuliza mifugo inayochanganywa na fentanili Marekani. Naloksoni haizigusi hizo.

Tazama mfano huu. Kijana anakutwa kwenye sakafu ya bafu saa 3:10 usiku. Haitiki kwa kusuguliwa kifua, na katika sekunde 30 amepumua mara 2, yaani 4 kwa dakika. Saa 3:11 simu imepigwa na spika imewekwa. Saa 3:12 amevutwa hadi ukumbini penye nafasi, dozi ya kwanza tundu la kulia, kisha pumzi za mdomo kila sekunde 5. Saa 3:15 anahesabiwa tena: 3 katika sekunde 30, yaani 6. Bado. Dozi ya pili tundu la kushoto, na pumzi za mdomo zinaendelea. Saa 3:18 anapumua mara 6 katika sekunde 30, yaani 12, na fizi zinarudi rangi yake. Macho bado yamefumba. Kazi ya dawa imekamilika. Kinachofuata ni kumlaza ubavu.

Hatua ya 6: Mlaze ubavu

Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe kutoka mwilini. Mkono wa mbali ulete juu ya kifua, mgongo wa kiganja ukae kwenye shavu la upande wako, uushike hapo. Kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali, kisha livute kuelekea kwako. Mwili wote utafuata kwa urahisi, hata akiwa mzito kuliko wewe. Goti lililokunjwa linamzuia asipinduke kifudifudi. Inua kidevu kidogo, na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Kama ni lazima umwache kwenda kufungua mlango, mwache katika mkao huu.

Hatua ya 7: Kaa

Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90. Unga, na zaidi methadoni au vidonge vya kutoa dawa polepole, huweza kubaki mwilini muda mrefu kuliko hapo. Dawa ya puani ikiisha, iliyobaki inarudi mahali pake, na mtu aliyekuwa akizungumza anaanza tena kukoroma. Ndiyo maana "nimepona, niache" si neno la kulikubali. Hesabu pumzi kila dakika chache. Akiamka, mwambie kwa upole alichopewa na kwamba kuongeza unga sasa hakutamwondolea arosto ila kutamrudisha sakafuni. Wahudumu wasipofika, au akikataa kwenda nao, asikae peke yake kwa muda usiopungua saa 4, na kifaa kingine kiwe karibu.

Wahudumu wakifika, waambie saa ya kila dozi, miligramu ngapi, tundu gani, na pumzi zilikuwa ngapi kabla na baada. Wape vifaa vilivyotumika.

Boksi jipya liweke penye joto la kawaida la chumbani, mahali kila mtu wa nyumbani anapajua, na si kwenye gari. Majira ya baridi ya Minnesota au Alberta hulitosha: chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri dawa huganda na kifaa hakipulizi. Kikiganda wakati wa dharura, piga simu na uanze pumzi za mdomo papo hapo, huku kifaa kikiachwa chumbani. Baada ya dakika 15 kikiyeyuka bado kinafaa kutumika.