Drams ndani ya fleti, jirani wa chini asisikie

Anayeanza drams asihangaike na seti nzima. Ngoma za tomu na matoazi ya kreshi na raidi yatasubiri. Mdundo wa roki unataka vitatu tu: hai-hati, yaani matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu wa kushoto, snea, ngoma iliyo katikati ya magoti, na besi, ngoma kubwa ya chini inayopigwa kwa pedali ya mguu wa kulia.

Hesabu polepole: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mkono wa kulia ugonge hai-hati kwenye kila neno, mara 8. Besi iingie kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne. Besi na hai-hati zikilia "ta-tak" badala ya mlio mmoja, mguu umechelewa, punguza mwendo.

Hapa kwenye fleti za Michenzani, Unguja, badala ya ngoma napiga fimbo kwenye soli ya kandambili kuukuu juu ya kigoda. Mto haufai, haurudishi fimbo. Kinachomfikia jirani wa chini ni mguu, si mikono: kunja blanketi chini ya unyayo, kisigino kitulie, pigia vidole. Nililijua hilo baada ya kugongewa sakafu kwa mti wa fagio.