Somo: Namna ya kutambua gemu ya bure inayouza ushindi kabla ya kuipakua

Ninaandika somo hili ili nipate mahali pa kumwelekeza kila anayeniuliza, maana mwezi huu pekee nimejibu swali hilihili mara saba. Gemu za bure hujipatia fedha kwa kuuza vitu ndani yake. Baadhi huuza mapambo matupu, ambayo hayamwongezei mchezaji nguvu yoyote, na nyingine huuza nguvu yenyewe.

Hatua ya 1. Fungua ukurasa wa gemu bila kubonyeza “Install”, uangalie kama pameandikwa “In-app purchases”.

Hatua ya 2. Katika Play Store, bonyeza “About this game”, ushuke hadi chini, usome bei ya chini na ya juu ya kitu kimoja. Bei kubwa peke yake si ushahidi, kwa kuwa vazi nalo huweza kuuzwa ghali.

Hatua ya 3. Play Store haikutajii majina ya vinavyouzwa, lakini App Store huyataja. Huhitaji kumiliki iPhone: fungua ukurasa huo kwa kivinjari cha simu yako, uende kwenye “Information”, kisha “In-App Purchases”. Ukikuta majina ya vifurushi vya rasilimali, vya kuharakisha ujenzi au vya kupandisha ngazi, gemu hiyo inauza nguvu. Ukikuta almasi au sarafu tu, bado hujajua kitu, kwa sababu hujaona almasi hizo zinanunua nini.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipokosea. Niliwahi kupakua gemu moja ya kufyatuliana risasi, nikamaliza bando la wiki, kwa kuwa niliambiwa kwamba inauza skini tu, nami nikadhani skini ni nguo. Baada ya siku kadhaa za kuuawa na watu niliokuwa nimetangulia kuwapiga, nilifungua duka la gemu hiyo nikaona kwamba skini za bunduki zilikuwa na mistari midogo chini ya picha: madhara zaidi, kujaza risasi haraka zaidi. Kwa hiyo usiliamini neno “skini” mpaka uione mistari hiyo. Mfano unaojulikana ni Free Fire: nguo zake ni mapambo, lakini skini nyingi za bunduki huonyesha alama za kujumlisha na kutoa kwenye sifa za silaha. Tafuta video ya mchezaji akifungua duka au sanduku la zawadi, uisimamishe pale anapobonyeza kitu kimoja, usome kila kilichoandikwa pembeni. Onyo: usitumie video ya zamani, kwa sababu duka hubadilika kila gemu inaposasishwa.

Hatua ya 5. Soma maoni mapya ya nyota moja na mbili, ukiwapuuza wanaolalamikia mtandao.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa kifupi, Free Fire ni ya kununua ushindi au siyo?
Jibu: Rudi hatua ya 4.

Swali: Mnaolalamika hamna hela tu. Asilimia 10 ya nguvu itakushindishaje kama hujui kucheza?
Jibu: Sijalalamika, nimeeleza jinsi ya kutambua. Ila chukua adui mwenye uhai 100 na pigo lako la 100: anakufa kwa pigo moja. Mwongezee asilimia 10, anabaki na uhai 10, nawe unalazimika kupiga mara mbili. Ongezeko dogo limekuzidishia kazi maradufu.

Swali: Samahani mwalimu, je, gemu ambayo kila kitu chake hupatikana bure kwa kucheza, lakini anayelipa hukipata mapema, tuiweke upande gani?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Mimi huangalia kama wawili hao hukutana katika mechi moja kabla hawajalingana. Katika Dota 2, mashujaa wote wako wazi kwa kila mtu, kwa hiyo mechi huanza kwa usawa hata kama mmoja amevaa mavazi ya bei. Katika Clash Royale, kadi hupanda ngazi, na kila ngazi huongeza uhai na madhara kwa takriban asilimia 10. Asiyelipa hufika, lakini huchelewa, na njiani huweza kukutana na aliyetangulia kwa fedha. Kwa hiyo, unapotazama video ya hatua ya 4, tafuta pia namba ya ngazi juu ya kadi au shujaa. Ukiiona ndani ya mechi ya kushindania nafasi, jiulize hupandishwa kwa kitu gani.

Swali: Na bando je? Kuna namna ya kujua uzito wake mapema?
Jibu: Katika “About this game” kuna “Download size”. Lakini gemu nyingi hupakua mafaili mengine zikishafunguliwa mara ya kwanza, hivyo zifungulie kwenye Wi-Fi.