Mkono ukifa ganzi unapoanika nguo, angalia mkoba wako

Hapa Lamu mzigo mwingi tunaubeba wenyewe, kutoka gatini hadi ndani ya vichochoro. Dada mmoja wa Langoni alikuwa akibeba kila siku begi la vitambaa kwenye bega la kulia. Baadaye, kila akiinua mkono kuanika nguo, mkono ulimlemea na kidole kidogo na cha pete vikaanza kuchomachoma. Akiushusha, panatulia.

Kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza pana upenyo mwembamba unaopitisha neva na mishipa ya damu ya mkono. Mkanda mzito hulivuta bega chini, upenyo ukabanwa. Ukiinua mkono, hubanwa zaidi.

Jipime hivi: inua mikono kama aliyeambiwa asalimu amri, viwiko usawa wa mabega, kisha fumba na kufumbua viganja hadi dakika 3. Mkono mmoja ukilemewa na kuchoma mapema, shuku upenyo huo. Si uthibitisho, kwani hata mzima huchoka. Ganzi ikiwa ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, nayo ikikuamsha usiku, huenda tatizo liko kifundoni mwa mkono, au shingoni.

Yule dada aligawa mzigo kwenye begi la mgongoni lenye mikanda mipana, akaanika nguo kwa kamba ya chini. Baada ya wiki kadhaa akapata nafuu.

Lakini mkono ukivimba, ukawa wa buluu, au ukapauka na kupoa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo huenda damu imeganda. Kiganja kikikosa nguvu, usikawie pia.